Went au have gone? Jinsi ya kujaza nafasi kwa wakati uliopita na wakati timilifu wa Kiingereza

Ukisema "Nimemwona Hamisi jana sokoni" hakuna Mswahili atakayekusimamisha njiani kukusahihisha. Sentensi imekaa sawa, msikilizaji ameelewa, mambo yanaendelea. Lakini mwanafunzi akiichukua sentensi hiyohiyo na kuandika *I have seen Hamisi at the market yesterday*, msahihishaji anapiga mkasi. Mwanafunzi anashangaa, maana alifundishwa kwamba *-li-* ni *went* na *-me-* ni *have gone*, naye ameona *-me-* na kuandika *have*. Amefuata kanuni, na kanuni imemwangusha.

Shida ni kwamba *-me-* yetu inabeba mzigo mkubwa kuliko *have* ya Waingereza. Inaeleza tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yapo sasa, kama "mgeni amefika". Inaeleza hali, kama "mtoto amelala", ambayo kwa Kiingereza ni *the child is asleep*, si *has slept*. Tena katika mazungumzo inaingia hata kwenye mambo ya jana na juzi. Kiingereza hakina uhuru huo. Kwa hiyo ukikutana na zoezi lenye agizo kama *Use the simple past or the present perfect*, usianze kwa kutafsiri. Anza kwa kuisoma sentensi yote hadi kwenye nukta, halafu pita kwenye hatua zifuatazo.

Katika maelezo haya nitaita *went, saw, lived* wakati uliopita, na *have gone, has seen, have lived* wakati timilifu. Mistari inaonyesha nafasi iliyoachwa wazi, na kitenzi cha kutumia kimewekwa mwishoni baada ya kistari.

Hatua ya kwanza: tafuta neno la wakati, ujiulize kama wakati huo umefungwa

Wakati uliofungwa ni ule ambao huwezi tena kutenda jambo ndani yake. Jana imefungwa. Wiki iliyopita imefungwa. Mwaka 2004 umefungwa. Ukiona *yesterday, last week, two days ago, in 2004, on Monday, when I was young*, jibu ni wakati uliopita, na hapo huna haja ya kufikiri zaidi.

Wangari Maathai ______ the Nobel Peace Prize in 2004. – win
Jibu: *won*. Sababu: *in 2004* ni wakati uliofungwa.

Wakati ulio wazi unaanzia nyuma na kufika mpaka sasa. Maneno yake ni *since, so far, up to now, ever, never, yet, already, just*. Haya huita wakati timilifu. Tazama jinsi neno moja dogo linavyogeuza kila kitu:

Kenya ______ independent in 1963. – become
Jibu: *became*. Sababu: tukio moja, mwaka umetajwa na umepita.

Kenya ______ independent since 1963. – be
Jibu: *has been*. Sababu: *since* inaanzia 1963 na kufika leo; hali bado inaendelea.

Mwaka ni uleule. Kilichobadilika ni *in* na *since*. Mwanafunzi anayekimbilia tarakimu bila kutazama neno lililo mbele yake atakosa moja kati ya hizo mbili, na mtunga mtihani anajua hilo, ndiyo maana hupenda kuziweka jirani.

Yako maneno ya wakati yasiyo na msimamo, na hayo ndiyo yanayokula alama. La kwanza ni *for*. Wengi wamekariri kwamba *since* na *for* huenda na wakati timilifu. Kwa *since* ni sawa karibu kila mara. Kwa *for* ni nusu ya kweli, kwa sababu *for* inataja urefu wa muda tu, bila kusema muda huo uliishia wapi. Jiulize: jambo hili linaendelea mpaka sasa?

My aunt ______ at the post office for twelve years and she still enjoys it. – work
Jibu: *has worked*. Sababu: *she still enjoys it* inaonyesha bado yupo kazini.

My grandfather ______ on the railway for thirty years. He retired in 1994. – work
Jibu: *worked*. Sababu: alistaafu, miaka thelathini imefungwa.

Katika mfano wa pili jibu halimo ndani ya sentensi yenye nafasi. Limo kwenye sentensi inayofuata. Nimesema usome hadi nukta. Nyongeza yake ni kwamba ukiona *for*, vuka hiyo nukta usome na ya jirani.

La pili ni kundi la *this morning, this week, today*. Hapa inategemea msemaji yuko saa ngapi. Zoezi zuri litakupa dokezo:

It is ten o'clock in the morning. I ______ two cups of tea this morning. – drink
Jibu: *have drunk*. Sababu: asubuhi bado haijaisha, anaweza kuongeza cha tatu.

It is eight o'clock in the evening. I ______ two cups of tea this morning. – drink
Jibu: *drank*. Sababu: asubuhi imeshafungwa.

La tatu ni *since* yenye kitenzi nyuma yake. Sentensi ya namna hii ina nafasi mbili na majibu mawili tofauti: sehemu kuu inachukua wakati timilifu, lakini kitenzi kinachokuja baada ya *since* kinataja pale jambo lilipoanzia, na mwanzo huo ni tukio lililokwisha.

She ______ three letters since she ______ home. – write, leave
Jibu: *has written*, *left*. Sababu: barua zinahesabiwa mpaka sasa, kuondoka kulitokea mara moja, huko nyuma.

Hatua ya pili: kama hakuna neno la wakati, ikanushe sentensi kwa Kiswahili

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili. Katika kuyakinisha, *-me-* na *-li-* zinaingiliana. Katika kukanusha zinaachana: *-me-* inakuwa *-ja-*, na *-li-* inakuwa *-ku-*. "Sijala" na "sikula" si kitu kimoja, na hata mtoto wa darasa la pili hazichanganyi. Sijala ina maana njaa ipo na chakula bado kinatarajiwa. Sikula inahusu mlo uliopita, umekwenda na wakati wake.

Basi ichukue sentensi ya Kiingereza, ielewe, iseme kwa Kiswahili, kisha ikanushe. Kama kinachokujia mdomoni ni *-ja-*, andika wakati timilifu. Kama ni *-ku-*, andika wakati uliopita. Rudi kwa Hamisi wa sokoni. Nimemwona jana; nikikanusha, nitasema "Sikumwona jana". Imetoka *-ku-*. Kwa hiyo *I saw him yesterday*. Ile *-me-* iliyokupoteza imeondoka yenyewe.

I can't open the door. I ______ my keys. – lose
Kwa Kiswahili: siwezi kufungua mlango, nimepoteza funguo. Mwenye bahati angesema "sijapoteza funguo". Ni *-ja-*.
Jibu: *have lost*. Sababu: matokeo yapo sasa, mlango haufunguki.

I ______ my keys, but a neighbour found them in the evening. – lose
Mwingine angesema "sikupoteza funguo siku ile". Ni *-ku-*.
Jibu: *lost*. Sababu: funguo zilipatikana, hadithi imekwisha.

Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri zaidi pale ambapo sentensi ya Kiingereza yenyewe ni ya kukanusha au ya kuuliza. *The bus ______ yet* ni "basi bado halijafika", kwa hiyo *has not arrived*. *______ you ever ______ to Zanzibar?* ni "umewahi kufika Zanzibar?", na jibu la hapana ni "sijawahi", kwa hiyo *Have you ever been*. Penye "-mesha-" pia huna shaka: "ameshaondoka" ni *has already left*. Na "ndiyo kwanza ameondoka" au "ametoka kuondoka sasa hivi" ni *has just left*.

Kina mipaka yake, lakini. Mpaka wa kwanza: katika mazungumzo ya mtaani utasikia "jana sijalala kabisa". Watu husema hivyo na wanaelewana. Kama sikio lako limezoea hiyo, kipimo kitakudanganya, kwa hiyo neno la wakati la hatua ya kwanza lina nguvu kuliko kipimo. Penye *yesterday* hakuna mjadala.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Kwa jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, Kiswahili mara nyingi hakitumii *-me-* wala *-li-*. Tunasema "Anafundisha hapa tangu 2015", kwa *-na-* ya sasa. Mwanafunzi anaandika *He is teaching here since 2015* au *He teaches here since 2015*, na zote mbili ni makosa. Kiingereza kinataka *He has taught here since 2015*. Ukikanusha sentensi ya Kiswahili utapata "hafundishi", isiyokusaidia chochote. Ukiona "tangu" na *-na-* pamoja kichwani mwako, acha kipimo, andika wakati timilifu.

Jamaa yake ni *This is the first time*. Sisi tunasema "hii ni mara ya kwanza kula pweza", bila njeo yoyote kwenye "kula". Kiingereza kinasema *This is the first time I have eaten octopus*. Hii ikariri tu. Ila ikiwa mwanzo ni *That was the first time*, jambo limehamia zamani, na hapo inahitajika njeo nyingine kabisa, *had eaten*, ambayo haimo katika zoezi la njeo hizi mbili.

Hatua ya tatu: tazama nani anazungumziwa na habari imefika wapi

Kuna sentensi zisizo na neno la wakati, na hata kipimo cha kukanusha kinayumba. Hapo tazama mtenda kwanza. Aliyefariki hawezi kuongeza jambo katika maisha yake, kwa hiyo maisha yake ni wakati uliofungwa.

Julius Nyerere ______ many speeches in Swahili. – give
Jibu: *gave*. Sababu: Mwalimu alifariki mwaka 1999.

Eliud Kipchoge ______ two Olympic gold medals in the marathon. – win
Jibu: *has won*. Sababu: mwanariadha yu hai, medali zinahesabiwa mpaka sasa, mwaka haukutajwa.

Ungeongeza *in Rio in 2016* na kutaja medali moja, jibu lingekuwa *won*, hata kama Kipchoge yu hai. Neno la wakati bado ndilo bosi.

Halafu tazama mwendo wa habari. Waingereza wana desturi ambayo ukiizoea utajaza vifungu vizima bila jasho: habari inafunguliwa kwa wakati timilifu, kisha maelezo yake yote, lini, wapi, namna gani, yanakwenda kwa wakati uliopita. *There has been an accident on the Morogoro road. A lorry hit a parked car.* Sentensi ya kwanza inatoa habari. Ya pili inasimulia. Mazungumzo hufuata njia hiyohiyo:

"______ you ______ Mount Kilimanjaro?" "Yes, I ______ it with my school." – climb, climb
Jibu: *Have you climbed*, *climbed*. Sababu: swali linauliza kama ameshawahi maishani, jibu linasimulia safari moja iliyopita.

Kwa sababu hiyohiyo, swali la *When* huchukua wakati uliopita. Anayeuliza "lini" anajua jambo lilitokea, anataka mahali pake katika kalenda. *Where did you buy that shirt?* pia, ingawa shati liko mbele ya macho yetu: kununua kunajulikana, kinachotafutwa ni maelezo ya siku ile.

Usishangae ukikuta nafasi inayokubali yote mawili. *Who ______ the window?* inaweza kuwa *has broken* ikiwa mwalimu ameingia darasani sasa hivi na vioo vipo sakafuni, na inaweza kuwa *broke*. *Recently* nayo inavumilia pande zote, ila vitabu vya shule huiweka na wakati timilifu, hivyo kwenye mtihani nenda huko. Vilevile Wamarekani husema *I already ate* mahali ambapo Mwingereza atasema *I have already eaten*. Utaisikia kwenye filamu. Shule za kwetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza, basi kwa *already, just* na *yet* andika wakati timilifu.

Hatua ya nne: andika umbo sahihi

Kuchagua njeo sawasawa halafu kuandika *has went* ni kupoteza alama iliyokuwa mkononi. Baada ya *have* au *has* hufuata umbo la tatu la kitenzi: *gone, seen, written, drunk, broken, fallen*. Baada ya *did* au *did not* kitenzi hurudi kwenye umbo lake la asili: *did you see*, si *did you saw*. Kingine cha kuangalia ni *gone* na *been*. *He has gone to Mwanza* ina maana kaenda na bado yuko huko au njiani. *He has been to Mwanza* ina maana alifika na kurudi. Ukiuliza *Have you ever gone to Mwanza?* utaeleweka, lakini jibu linalotarajiwa ni *been*.

Barua ya kujaza, nafasi kwa nafasi

Soma barua yote kwanza bila kushika kalamu.

Dear Rehema,
I 1 ______ from you since you 2 ______ Tanga. We 3 ______ to a bigger house last month, and I 4 ______ already ______ some good friends here. My brother 5 ______ his arm, so he cannot write to you himself. He 6 ______ from a mango tree on Saturday and we 7 ______ him to hospital at once. He 8 ______ in bed for four days now. 9 ______ you ever ______ an arm in plaster? It is the first time I 10 ______ one. Our grandmother 11 ______ next door to us for two years before she died, and I still miss her. When 12 ______ you last ______ yours?

Vitenzi kwa mpangilio: not hear, leave, move, make, break, fall, take, be, see, see, live, visit.

Nafasi ya 1 ni *have not heard*: "sijasikia kutoka kwako tangu", *-ja-* ipo na *since* ipo. Ya 2 ni *left*, maana inakuja baada ya *since* na inataja mwanzo. Ya 3 ni *moved* kwa sababu ya *last month*. Ya 4 ni *have already made*: nimeshapata marafiki, na bado ninao.

Ya 5 inafaa kusimamiwa kidogo. Haina neno la wakati, lakini *so he cannot write* inaonyesha matokeo ya sasa, na ndiyo inayofungua habari. Jibu ni *has broken*. Kuanzia hapo masimulizi yanaanza: ya 6 ni *fell*, kwa *on Saturday*, na ya 7 ni *took*, kwa kuwa inafuata mkondo uleule wa Jumamosi hata kama siku haikurudiwa. Wengi huandika *have taken* katika ya 7 kwa sababu hawaoni neno la wakati karibu yake. Lipo, ni lile la nafasi ya 6, limeunganishwa na *and*.

Ya 8 ni *has been*: *for* pamoja na *now*, bado yuko kitandani. Kwa Kiswahili ungesema "yuko kitandani siku ya nne sasa", kwa hiyo jihadhari usiandike *is*. Ya 9 ni *Have you ever seen*, kwa *ever*. Ya 10 ni *have seen*, kwa *the first time* inayotanguliwa na *It is*.

Ya 11 ni *lived*. *For two years* inavuta mkono kuelekea *has lived*, lakini *before she died* imeufunga muda huo. Ya 12 ni *did you last visit*. Neno *last* humfanya mtu afikirie "mara ya mwisho mpaka sasa" na kuandika *have*, lakini sentensi imeanza na *When*: anaulizwa siku, na siku hiyo imepita.